Mbege, Mbegu na Nyota ya Dhahabu

Yule binti nilimwonea gere, na wala sioni aibu kusema. Tulikaa meza moja kwenye ofisi ndogo hapa Moshi mjini. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza sauti za wazee waliorekodiwa huko Mwika na kuziandika, ili kompyuta ijifunze Kiswahili cha watu wa mlimani. Kompyuta inatangulia kubahatisha maneno, wewe unasikiliza, unarekebisha ilipokosea, unabonyeza "Tayari". Kila Tayari ni pointi. Pointi zilipanda kwenye ubao, ile skrini ya ukutani, majina yetu yote yamepangwa, na anayeongoza anawekewa nyota ya dhahabu.

Nyota ilikuwa yake. Kila siku yake! Mimi narudia kipande mpaka nimwelewe bibi wa watu. Mwenzangu kaongeza kasi ya sauti, wazee wanalia kama vifaranga, yeye anabonyeza tu. Akinyanyuka kwenda kuchukua chai, shingo juu. Jamani, roho iliniuma hadi chapati ikagoma kushuka.

Halafu msimamizi akatangaza kwamba mkataba mpya ni wa walio nusu ya juu ya ubao tu. Mimi nilikuwa katikati, mguu ndani, mguu nje.

Mara kazi ikarudishwa. Wenye mradi walikuta mzee mmoja kamkaribisha mkwe wake mbegu kwenye kibuyu, mkwe kazinywa zote, kaomba aongezwe. Mbegu! Kompyuta haikuijua mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaandika neno inalolijua, na binti akapitisha. Karibu vipande vyake vyote vilirudi. Nilicheka mpaka machozi. Nikajisemea, leo nyota inashuka.

Thubutu! Kumbe ubao hauulizi kama kazi ni mpya au ya kurudia. Kila alichorekebisha kilihesabiwa upya. Vyangu havikuwa na kosa la kurudishiwa, na vipande vipya vilisimamishwa hadi vile vya zamani viishe. Nikakaa mikono mapajani, naangalia jina langu likiteremka.

"Dada, samahani," akaniinamia na kunipa hedifoni zake. "Huyu bibi anasema mbege au mbegu?"

Nikasikiliza. Bibi alikuwa anamsema mtu aliyempunja ulezi, pombe ikatoka mbaya.

"Mbege," nikamjibu.

Akabonyeza. Akauliza tena, na tena, nami nikajibu, maana ningenyamaza wale wazee wangeendelea kunywa mbegu.

Ijumaa mikataba ikasainiwa, mimi simo. Alinifuata mlangoni akanikumbatia, nyota yake iking'aa kule ukutani nyuma ya bega lake.

"Dada yangu, bila wewe nisingeweza."

Ningependa kusema alikuwa ananikejeli, ningemchukia vizuri. Alikuwa anasema kweli.