Adresi Yangu Ilikuwa Benchi Lao

Vita vilinitoa Kibati na godoro moja na kadi yangu ya pensheni. Banki iliyokuwa inanilipa ilikuwa imefunga, kwa hiyo nilifungua konti nyingine katika banki ya mtaa wa Birere, mjini, nikauandikia mfuko wa pensheni barua ya kuwapa namba mpya na kuomba wanithibitishie kwa maandishi. Niliambatanisha karatasi ya banki na kopi ya kitambulisho, nikaipeleka mwenyewe kwenye biro, ofisi yao ya mjini.

Mama wa biro alisoma, akanirudishia. "Muzee, adresi mpya iko wapi? Jibu tutalituma wapi?"

Nilikuwa nalala katika darasa la shule pamoja na wakimbizi wengine, na kila wiki tulihamishwa. Nikaketi kwenye benchi lao la mlangoni, nikajaza kwenye barua: benchi la wageni, mlango wa biro yenu, kila siku ya kazi tangu saa mbili asubuhi.

"Lakini hapa ni kwetu," akasema.

"Mama, ndipo ninapopatikana."

Alinuna, akagonga muhuri wa kupokea kwenye kopi yangu. Tangu hapo nilimsalimia kila asubuhi kwa heshima ya kuudhi, mpaka siku alipotoka na bahasha, akapiga hatua nne na kunisainisha kitabu cha barua.

Konti na adresi vyote vilikuwa vimekubaliwa. Chini waliandika: ukihama tena, utujulishe mara moja.

Nyuma yake wenzake walikuwa wanajaza mafaili kwenye magunia, kwa sababu risasi zilikwisha kusikika humu mjini, mtaa wa Katindo. Nikampa kalamu yangu, nikamwomba aniachie adresi yao mpya.