Si Mkwe Mpaka Fedha Zifike

Kazi yangu katika tawi letu la benki hapa Migori ni kuuliza watu maswali ambayo mimi mwenyewe nisingejibu. Fedha zikitoka ng'ambo na makao makuu Nairobi yakazitilia shaka, fedha hukaa pembeni, mwenye akaunti anaona sifuri, na mimi napewa orodha ya maswali. Naruhusiwa kuuliza. Siruhusiwi kueleza wanashuku nini. Kwa hiyo mteja hunichukia mimi, na watu wa Nairobi wanaendelea kunywa chai yao.

Mama mmoja kutoka Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, aliingia Jumanne akiwa amevaa kitambaa chake cha kanisa, jambo lililonijulisha kwamba alikuja kwa heshima wala si kwa ugomvi. Ni mjane. Anapikia wachimbaji wa dhahabu ugali na samaki, na akaunti yake ilikuwa na tabia ya mtu anayepika: vijisenti vinaingia, vijisenti vinatoka kununua unga. Sasa zilikuwa zimeingia kwa mkupuo mmoja fedha ambazo zingenunua samaki wote wa Osiri kwa mwaka mzima. Hata mimi, ambaye huwa upande wa wateja, nilikohoa.

"Mama, aliyekutumia hizi fedha unamjua?"

Aliangalia sakafu. "Simjui, nyathina."

Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, na mimi ni Mjaluo wa Homa Bay, kwa hiyo nilipoona haya yake, na sababu ya kutuma imeandikwa ng'ombe, nilielewa mara moja. Mwanamume aliyetuma alikuwa kijana anayetaka kumwoa binti yake. Mama mkwe na mkwe kwetu hawatajani majina, hawakai meza moja, hawatazamani usoni. Mama akiulizwa habari za kijana huyo mbele ya watu, adabu inamtaka aseme hamjui. Kama angejibu kwa furaha kwamba anamjua sana, mimi ndiye ningeshtuka.

Lakini fomu kwenye kompyuta ilikuwa na visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Nilijaribu kumshawishi.

"Mama, hapa si nyumbani. Hapa ni benki. Sema tu unamjua."

"Adabu inaachwa mlangoni kwa askari?"

Nikabonyeza hapana, nikaongeza maelezo marefu chini yake kuhusu mila. Niligundua baadaye kwamba kule Nairobi maelezo hayasomwi kabla ya kisanduku. Mpokeaji hamjui mtumaji: hilo ndilo walilosoma, na kwa haki, ni jambo ambalo lingemwamsha mlinzi yeyote. Wezi hutafuta akaunti za wajane kama huyu, wakapitisha humo fedha za watu wengine, kisha wakamwachia mama polisi.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Kijana anaendesha malori makubwa huko nchi ya baridi, na mshahara wake wa mwezi, hata angekula hewa, usingefikia kiasi alichotuma. Benki ya huko ilikuwa imeona fedha nyingi zikiingia kwenye akaunti yake wiki ileile, na siku chache baadaye zikatoka zote kuja Migori. Zinaingia kwa ghafla, zinatoka kwa haraka, zinaelekea mahali panapochimbwa dhahabu. Mtu wa Nairobi akifungua ramani akaona Osiri, haoni mama mwenye sufuria. Anaona magunia ya dhahabu yakivuka mpaka wa Tanzania.

Kwa hiyo swali halikuwa tena ni nani, bali fedha amezipata wapi. Ndilo swali ambalo mama asingemuuliza kijana yule hata kwa fimbo. Unamuuliza mtu anayekuja kukuchumbia mtoto, "Wewe, umetoa wapi?" Si ni kumwita mwizi kabla hajakaa?

Nilimweleza kadiri nilivyoruhusiwa: maswali yasipojibiwa, fedha zitarudi zilikotoka.

Hapo ndipo alipokaa vizuri kwenye kiti, akaweka mkoba mapajani. "Jumamosi wanakuja," alisema. "Wageni kutoka Homa Bay. Nimeshaita ukoo, nimeshaazima viti. Shemeji yangu ameshaongea na Wamaasai pale Ogwedhi, ng'ombe wamechaguliwa. Ng'ombe ni wa ukoo, mimi sina shida nao. Mimi nataka ayie yangu."

Ayie ni zile fedha ambazo mama wa msichana hupewa mkononi, nyumbani kwake, ndipo akubali. Bila ayie hakuna kukubali, na bila kukubali wageni wanageuza gari.

"Mama yangu alikufa bila kupewa," akaendelea, na sauti yake haikuwa ya kulalamika hata kidogo. "Niliingia kwa baba ya watoto jioni moja na begi, basi. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Mama alikuwa akisikia gari barabarani anafagia uwanja. Huyu mtoto wangu hataondoka hivyo."

Sikuwa na kisanduku cha hilo.

Jumatano makao makuu yalirudi na swali jipya: uhusiano wa mtumaji na mpokeaji ni upi? Safari hii kulikuwa na orodha ya kuchagua. Mume au mke. Mzazi. Mtoto. Ndugu. Rafiki. Mshirika wa biashara. Nyingineyo, eleza. Nilimpigia mama simu nikamsihi aseme tu ni mkwe, niandike kwenye hiyo nyingineyo tumalize.

"Si mkwe."

"Mama!"

"Atakuwaje mkwe na sijapokea kitu? Nikisema leo ni mkwe, Jumamosi wanakuja kufanya nini? Kunywa soda?"

Nilishika kichwa. Kijana si mkwe mpaka fedha zifike, na fedha hazifiki mpaka awe mkwe. Nilimpelekea meneja wetu hilo fumbo. Meneja ni mtu wa Nyeri, mpole, anayependa mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana. Alitazama orodha, akasema kwao mtu anayekutumia fedha nyingi hivyo na si ndugu ni rafiki. "Weka rafiki. Hakuna anayekataa rafiki."

Tukaweka rafiki.

Alhamisi asubuhi Nairobi ilitaka kujua mjane wa makamo wa Osiri alifahamiana vipi na dereva kijana aliye ng'ambo, walikutana kwenye mtandao gani, kama wamewahi kuonana ana kwa ana, na kama ameombwa kutuma sehemu ya fedha hizo kwa mtu mwingine. Kwa lugha nyingine, walidhani mama ametongozwa kwenye simu na tapeli. Ilikuwa zamu yangu kumsomea. Nilipunguza sauti, lakini kaunta yetu haina siri, na mteja wa nyuma yake alikuwa mzee wa kanisa.

"Rafiki yangu?" Mama alisimama. "Mimi na mtoto wa kuzaa? Nani ameandika hivyo?"

Meneja alikumbuka kwamba ana mkutano.

Nilikasirika, na sitaki kujifanya sikukasirika. Nilikasirikia fomu, nikakasirikia Nairobi, nikamkasirikia na mama kwa kuwa sahihi wakati hatukuwa na nafasi ya kuwa sahihi. Halafu nikamuuliza jambo ambalo ningemuuliza Jumanne kama ningekuwa natumia kichwa cha nyumbani badala ya kile cha ofisini. "Jagam ni nani?"

Jagam ni mshenga, mtu anayejua pande zote mbili na anayeruhusiwa kusema yote ambayo wengine wanaona haya kuyasema. Kazi yake ndiyo hiyo. Tangu zamani tulikuwa na mtu wa kuuliza fedha za posa zimetoka wapi; ila hakuwa na kompyuta.

Jagam wao alikuwa fundi cherehani wa Homa Bay, na alasiri hiyo hiyo akafika Migori na futi ya kupimia bado shingoni. Hakuona haya hata kidogo. Alimpigia kijana simu mbele yangu na kumuuliza, kwa sauti ya kusikika hadi nje, kama fedha hizo ni za wizi. Kijana alicheka. Alikuwa ameuza gari lake. Alikuwa akienda kazini kwa basi, gizani, kwenye theluji. Kwa nini hakusema? Kwa sababu benki ya huko ilipomuuliza sababu ya kutuma, aliandika ng'ombe na mambo ya nyumbani, akaishia hapo. Naye pia ana adabu. Angeandikaje mambo ya mama mkwe kwenye karatasi ya wazungu?

Kabla ya kufunga ofisi nilikuwa na mkataba wa kuuza gari, taarifa ya benki yake inayoonyesha malipo ya mnunuzi yakiingia, na hati za mshahara wake. Fundi cherehani aliandika maelezo ya posa akatia sahihi, shemeji akaleta barua ya chifu. Nairobi iliomba pia ankara ya ng'ombe. Nikajibu, kwa adabu niliyokuwa nimebakiza, kwamba Wamaasai wa Ogwedhi hawamwandikii mtu ankara ya ng'ombe ambaye bado anakula nyasi. Kwenye uhusiano niliandika: mposaji wa binti yake.

Ijumaa saa nne fedha ziliachiliwa. Fedha zilizotoka mahali panapojulikana, kwa mtu anayejulikana, kwa sababu inayoeleweka. Hayo tu ndiyo waliyokuwa wakitafuta tangu Jumanne, na yote yalikuwepo tangu Jumanne.

Mama alikuja na kuomba fungu la ayie lote taslimu. Nilimhesabia. Alipokea bunda la noti, hakulifungua, akageuka na kumpa fundi cherehani aliyekuwa amesimama nyuma yake.

"Mama, si ni zako?"

"Bado. Kesho ataniletea nyumbani, watu wakiona." Kisha akanigeukia. "Na wewe, nyathina? Mama yako alipewa?"

Nilisema kuna foleni.

Jumatatu nilipowasha kompyuta, tahadhari mpya ilikuwa inaningoja. Mpokeaji ametoa kiasi kikubwa taslimu mara tu fedha zilipoingia na kumkabidhi mtu wa tatu palepale kaunta. Toa maelezo. Eleza upya uhusiano wa mtumaji na mpokeaji.

Nilimpigia mama. Nyuma yake nilisikia sufuria na wachimbaji wakidai samaki. Nikamuuliza swali langu lilelile, naye akacheka hadi akakohoa.

Nikachagua nyingineyo, nikaandika: mkwe.

Kisha nikampigia baba wa watoto wangu, ambaye nilihamia kwake Homa Bay jioni moja na begi, nikamwambia mama yangu bado anafagia uwanja.