Mke wa Tarehe Thelathini na Moja

Baba yangu alikuwa karani wa soko la Kariakoo enzi za Mwingereza, na kama makarani wengi wa zama zile, aliamini kwamba jambo lisiloandikwa halijatokea. Nyumbani alikuwa na wake watatu chini ya paa moja: Mama Mkubwa chumba cha mbele, mama yangu mzazi cha katikati, na Mama Mdogo cha nyuma karibu na uani. Zamu zilikuwa za usiku mmoja mmoja, kwa hiyo kila mke alikaa siku mbili bila bwana, na ya tatu ikawa yake. Mwenye zamu ndiye aliyepika, ndiye aliyempashia baba maji ya kuoga, na ndiye aliyelala naye.

Kwa miaka zamu hizo hazikuhitaji karatasi. Asubuhi, mke aliyemaliza zamu alichukua ndara za bwana akaziweka mlangoni mwa mwenzake anayefuata, basi. Hata baba akirejea kutoka safari aliingia palipokuwa na ndara zake. Utaratibu huo haukupata kukosea, na nadhani ndiyo maana baba aliudharau.

Akatokea Bwana Afya, Mzungu mmoja mrefu mwenye kuogopa nzi, akaamuru meza za samaki sokoni zioshwe kwa dawa kila siku ya tatu. Baba akapanga kwa tarehe: moja, nne, saba, kumi, hivyo hivyo mpaka mwezi uishe, kisha unaanza moja tena. Akaandika ubao kwa herufi za kupendeza. Mzungu akautazama akasema, "Vizuri sana," na sidhani kama alikuwa na Kiswahili kingine zaidi ya hicho. Baba alirudi nyumbani ameumuka kama andazi.

Wiki haikwisha, ukumbini kwetu kukatundikwa karatasi kubwa iliyopigwa mistari kwa rula. Moja, nne, saba na kuendelea ni za Mama Mkubwa. Mbili, tano, nane ni za mama. Tatu, sita, tisa ni za Mama Mdogo. Ndara zikapigwa marufuku kutembea.

"Sasa nyumba hii ina serikali," baba akasema.

Mwezi huo ulikuwa Juni, na Juni ina siku thelathini, kwa hiyo mambo yakaenda sawa, na baba akajisifu barazani kwa kila aliyepita. Wageni walionyeshwa karatasi kabla ya kupewa kahawa. Kisha ukaja Julai.

Tarehe thelathini na moja Julai iliangukia kwa Mama Mkubwa. Kesho yake mama aliamka mapema, akakuna nazi, akachinjisha kuku. Jioni baba akarudi, akavua kofia, akaingia chumba cha mbele. Mama akamfuata hadi mlangoni.

"Bwana, jana ulikuwa kwa mwenzangu. Leo ni kwangu."

"Leo tarehe ngapi?"

"Tarehe siijui. Jana naijua."

"Leo tarehe moja," baba akasema, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. "Na tarehe moja ni ya mwenzako. Kaisome ukumbini."

Kuku wa nazi tulimla sisi watoto. Mama hakugusa hata mchuzi.

Sokoni nako meza zilioshwa siku mbili mfululizo. Wauza samaki wakashusha samaki wao chini mara mbili, nzi wakafurahi, na baba akawaambia kwamba usafi haujamuua mtu. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mama Mdogo hakulalamika, alisema kupumzika kumempendeza. Mama yangu alidai usiku wake kila asubuhi baba alipokuwa akinywa chai, na kama kuna mtu aliyejua kudai, ni yeye.

Baba akakubali kufidia. Lakini mtu wa ofisi hafidii hivi hivi, anatunga kanuni. Akaongeza mstari wa wino mwekundu chini ya karatasi: Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi ni ya mke wa pili. Mama akatulia. Ijumaa hiyo akafukiza udi, akasuka nywele na kuzitia maua, akaimba jikoni. Alipokuwa akipakua ndipo akakumbuka kwamba Jumanne alikuwa na zamu. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Ijumaa ya mwisho ya Agosti ilikuwa tarehe ishirini na tisa, na ishirini na tisa ilikuwa yake tangu awali.

"Umenilipa kwa usiku wangu mwenyewe," akamwambia baba.

Baba akasema kanuni imetekelezwa. Siku mbili baadaye Agosti nayo ikafika thelathini na moja, Mama Mkubwa akapata usiku huo na wa kesho yake, na mama akafunga nguo zake akaenda kwa kaka yake Msimbazi. Alisema hatarudi, aandikiwe talaka. Mimi nilikuwa na umri ambao mama akiachwa mtoto hubaki kwa baba. Nilimchukia baba siku zile, na karatasi ile niliichukia zaidi.

Baba alikwenda Msimbazi na shehe wa msikiti wetu, karatasi ameikunja kwapani. Nami nilifuatana nao. Mjomba akatandika mkeka. Shehe akauliza swali dogo:

"Akitoka huyu, anafuata nani?"

"Inategemea mwezi," baba akajibu.

Baba akaona aeleze. Alikuwa ameshapata dawa: katika miezi mirefu, tarehe thelathini na moja haitakuwa ya mke yeyote, yeye atalala ukumbini.

"Na Februari?" mjomba akauliza. Alikuwa fundi cherehani, amezoea kupima mpaka kwenye pindo. "Ishirini na nane ni ya Bi Mkubwa, na kesho yake tarehe moja, ni yeye tena."

"Februari ikija tutaishughulikia," baba akasema.

Mama, nyuma ya pazia, akasema basi na yeye atashughulikiwa Februari.

Hapo ndipo Mama Mkubwa alipoingia, na buibui lake limejaa vumbi la njiani. Hakuwa ameitwa. Akawaamkia wanaume, akakaa karibu na pazia.

"Nimekuja kurudisha vya watu," akasema. "Nilijua si vyangu, nikanyamaza. Leo zamu ni yangu. Nampa mwenzangu, na inayofuata nayo nampa. Shehe, yafaa?"

"Yafaa. Usiku ni haki ya mke, humpa mwenzake akipenda."

Kisha mama akauliza kwa sauti ndogo, "Bwana alikuwa akifanya nini usiku ule wa thelathini na moja?"

"Alikuwa akipiga mistari ya Septemba. Mimi namshikia taa."

Mama akacheka. Alicheka mpaka mjomba akainamisha uso na shehe akaanza kukohoa. Baba peke yake hakuona kinachochekesha.

Shehe akaamua zamu iende kwa mke anayefuata, hata mwezi uwe na siku ngapi. Tukarudi kwa miguu, mama na Mama Mkubwa mbele, baba nyuma na furushi la nguo. Jioni baba akaoga, akajipaka mafuta mazuri, akaenda mlango wa katikati. Chumba kilikuwa kitupu. Mama alikuwa chumba cha mbele, amejinyoosha kitandani kwa Mama Mkubwa, wanazungumza.

Baba akasimama mlangoni akamkumbusha kwamba usiku huu, kwa hukumu ya shehe, ni wake.

"Ni wangu," mama akasema. "Nami nimempa mwenzangu. Kalale ukumbini."