Sekunde Saba Nyuma ya Bahizi

Kabatesi alikulia Ngara, upande wa Tanzania, na mpaka leo watu wa Gisenyi, Rwanda, wakimsikia tu akiongea wanajua alikotoka. Kazi yake ni kutengeneza video fupi za matangazo kwa simu. Saluni humwita, nyumba za wageni kando ya ziwa humwita, na wauza vitenge wa karibu na Grande Barrière, kivuko cha mpakani kwenda Goma, humwita. Hana kompyuta. Ana simu moja nzuri, kijiti cha kuisimamishia, na programu ya kuhariri aliyoizoea kama mtu anavyozoea jiko lake.

Walimpenda kwa sababu video zake zilifika. Wengine walitoa video nzito mno, mteja wa Goma akiigusa anaona kiduara kikizunguka mpaka anachoka. Kabatesi alikata maneno yote ya bure, akaacha video ya wima isiyofika hata dakika, kisha kabla ya kuitoa akashusha ubora kwa kiasi: ionekane safi kwenye kioo kidogo, lakini isimle mtu bando lake lote.

Siku moja Bahizi alimwita kwenye baa yake, njiani kuelekea Rubona. Bahizi alirudi kutoka Congo na familia yake miaka mingi iliyopita. Ni mtu mnene, mcheshi, anayemwita kila mwanamke "maman". Alitaka tangazo la brosheti, yaani mishikaki, za mbuzi. Kabatesi alirekodi kwa ubora wa juu kabisa wa simu yake, ili baadaye aweze kuvuta picha karibu bila kuiharibu. Alirekodi makaa, moshi, vitunguu, na Bahizi mwenyewe akicheka mbele ya jiko huku ameshika vijiti vya nyama mkono huu na huu.

"Kula kwanza, maman," Bahizi alimwambia alipomaliza kurekodi, akimsogezea sahani. "Utajuaje kusifu kitu haujaonja?"

Alikula sahani nzima na ndizi za kuchoma. Mchuzi mwekundu uliopakwa juu ya nyama aliulamba mpaka vidoleni.

Nyumbani alipanga vipande vyake kwenye simu, akaanza kuvipitia taratibu kwa kidole, akitafuta pa kukata. Alipofika pale Bahizi anapocheka, alivuta picha karibu ili amweke katikati. Hapo ndipo alipomwona Nziza, mpishi, nyuma ya bega la bosi wake.

Nziza alikuwa na sahani zilizotoka mezani kwa wateja. Alichomoa kwenye vijiti vipande vilivyobaki, vingine vimetafunwa nusu. Kimoja kilikuwa donge la mafuta ambalo mtu alilitafuna na kulitema pembeni mwa sahani. Vyote alivitumbukiza kwenye beseni la mchuzi mwekundu, akakoroga kwa mkono, kisha akaanza kuvitunga upya kati ya vipande vibichi.

Kabatesi alirudisha kidole nyuma. Akatazama tena. Kuhariri ni kutazama kitu kilekile mara nyingi, na kila mara lile donge lilizama kwenye mchuzi kwa namna ileile, likiacha duara dogo la mafuta juu. Ladha ya nyanya ilimpanda kooni. Alitoka mbio mpaka nyuma ya nyumba, akatapika mpaka machozi yakamtoka, na alipomaliza akapiga mswaki. Akapiga tena. Bado aliuhisi mchuzi ule kwenye meno.

Kesho yake alimpelekea Bahizi simu, akamwonyesha. Alitegemea mtu huyo angalau atashtuka.

Bahizi alitazama, akakuna shingo. "Bon. Kata hapo."

"Nikikata, umebaki wewe unacheka nusu sekunde. Ndicho kipande chenyewe ulichokitaka."

"Basi weka bei juu yake. Weka maua."

"Bahizi, nyama iliyotoka kinywani mwa mtu!"

"Moto inaua kila kitu, maman. Nyama ni nyama." Kisha akatabasamu, kama mtu aliyepata wazo. "We si ulisema video ikifanywa kidogo sana inaharibika? Basi ifanye kidogo. Nani ataona?"

Kabatesi hakujua kwa nini alimtii. Labda alitaka kuona kama inawezekana. Alifungua sehemu ya kutolea video, akashusha ubora mpaka chini kabisa, akabonyeza. Ilikamilika upesi, nyepesi ajabu. Kwenye video ile, mkono wa Nziza ulikuwa doa la kahawia linalotikisika na beseni lilikuwa doa jekundu. Bahizi alikuwa anacheka, na kwa kuwa uso wake ulikuwa mkubwa, kicheko kilionekana vizuri.

"Voilà!" Bahizi alipiga makofi. "Iko muzuri! Na itaenda haraka."

Kabatesi alimtazama yule mtu na meno yake, akasikia kinyaa kilekile cha jana, safari hii kikiwa pia juu ya vidole vyake mwenyewe vilivyolifanya jambo lile. Aliifuta palepale.

"Mtafute mtu mwingine," alisema.

"Mutu iko mingi," Bahizi alijibu bila kukasirika.

Njiani aliandika ujumbe kwa Kamikazi, mama anayeshughulikia usafi wa migahawa kwenye ofisi ya sekta, ile ya serikali ya mtaa, akamtumia kile kipande kizima kama video ya kawaida. Kilichukua muda mrefu kupanda. Jibu lilipokuja alikata tamaa kidogo.

"Kabatesi, naona mtu na bakuli. Anafanya nini?"

Alijua kilichotokea. Kipande kilikuwa kirefu, na programu ya ujumbe ilikuwa imekibana chenyewe ili kipite. Kilifika kikiwa na ukungu uleule aliouomba Bahizi. Na akikituma cha asili, kilikuwa kizito mno kwa simu ya Kamikazi.

Alikaa kwenye ngazi za duka, akafungua kazi upya. Hakugusa ubora safari hii, alikata urefu. Aliondoa kila kitu kabla ya Nziza kushika sahani ya kwanza na kila kitu baada ya nyama kuzama. Zilibaki sekunde saba. Alivuta picha mpaka beseni likajaa kioo, na kwa kuwa alirekodi kwa ubora wa juu, nyuzi za nyama bado zilihesabika. Hakuweka muziki wala maandishi. Faili ilikuwa ndogo kwa sababu ilikuwa fupi. Aliituma kama hati, si kama video, ili isibanwe tena njiani. Kile cha asili alikiacha kwenye simu bila kukigusa, mtu asije akasema amekitengeneza.

Kamikazi alijibu kwa sauti. "Mana yanjye, Mungu wangu! Mimi niliwaleta wageni wangu pale Jumapili!" Kisha akaongeza: "Kesho niko huko."

Kesho yake jiko lilifungwa. Bahizi aliwaambia wote kwamba mpishi alimchafulia jina, akamfukuza Nziza.

Wiki chache baadaye Kabatesi alikutana na Nziza sokoni, amebeba kuku. Alitaka kupita, lakini mpishi alimsimamisha.

"Wewe ulinipiga picha, sawa. Ile kazi mi niliagizwa," alisema. "Unajua patron Bahizi hakula hata siku moja kwenye ile beseni? Nyama yake ilikuwa pembeni, imefunikwa na kitambaa safi."

Kabatesi alikumbuka mkono wa Bahizi ukimsogezea sahani.

Baa imefunguliwa tena. Imewekwa vigae vyeupe, mpishi ni mpya, na Kamikazi hupita pale bila kutoa taarifa. Tangazo limetengenezwa na mtu mwingine, na juzi liliingia kwenye kundi la wafanyabiashara kwenye simu yake. Kabatesi alimwona Bahizi akicheka hata kabla hajaligusa tangazo lianze. Chini yake watu walikuwa wameshaweka vidole gumba na kuulizana nani ataagiza.

Aliandika, "Ulizeni mnakula nini." Vidole gumba viliendelea kuongezeka. Alitoka kwenye kundi, akaenda kumenya viazi vya chakula cha jioni. Nyama hajaila tangu siku ile.