Bibi Aliyehama Njia

Kazini walimwita Miguu, na jina hilo alilipokea bila kununa. Katika ile studio ya katuni, ghorofa moja juu ya duka la vioo, kila mtu alikuwa na kipande chake: huyu anachora mandhari, yule anaunda nyuso, mwingine anapanga sauti. Yeye kazi yake ilikuwa kutembeza. Mhusika wa kukimbia, wa kuchechemea, wa kupanda ngazi akiwa na mzigo, wote waliletwa mezani kwake wakiwa wamesimama kama vinyago, wakaondoka wakienda. Tabia ya kazi ilimfuata mpaka barabarani. Watu aliwatazama kuanzia chini, na mara nyingi kabla macho hayajafika usoni mtu mwenyewe keshapita, salamu yake imebaki hewani. Jirani kadhaa walimwona ana maringo.

Alikuwa mwanamke wa makamo, hajaolewa, anaishi na mama yake katika nyumba ya ukumbi mrefu mwembamba wenye vyumba upande mmoja na ukuta mtupu upande wa pili. Mama alikuwa mshonaji mstaafu, mwenye ulimi mkali na mwendo wa madaha. Hata akienda kufunga bomba, alitembea kama anayeitwa kupokea zawadi.

Kwa hiyo studio ilipopata kazi ya kipindi cha watoto, na mhusika mkuu akawa bibi mmoja mwenye kikapu anayetembea kwenye ufunguzi wa kila kipindi, Miguu hakuhangaika kutafuta mfano. Alimwomba mama yake apite ukumbini mara kadhaa huku akimrekodi kwa simu, kwanza kwa mbele, simu ikiwa imeegemezwa juu ya kigoda mwisho wa ukumbi, halafu kwa ubavu kupitia mlango wa sebule. Mama alivaa gauni lake zuri kwa ajili hiyo, akauliza kama atalipwa, akaambiwa atalipwa kwa kuheshimiwa, akasema basi atatembea nusu tu.

Kazi yenyewe huonekana nyepesi kwa asiyeijua. Huhitaji kumtembeza bibi safari nzima. Unatengeneza hatua mbili tu, ya kulia na ya kushoto, akiwa anatembea palepale, kisha kompyuta inazirudia bila kikomo huku mandhari yakisogea nyuma yake. Siri iko kwenye maungio. Pozi la mwisho lazima lifanane na la kwanza kama sura na kivuli chake kiooni: kisigino cha kulia kinagusa chini, mguu wa kushoto uko nyuma, mikono iko pale pale, nyonga iko pale pale. Tena ile picha ya mwisho haionyeshwi, maana ikionyeshwa ikafuatwa na pacha wake wa mwanzo, bibi ataonekana ameganda kidogo kila akimaliza mzunguko, kama mtu aliyekumbuka jambo. Hata kasi ya kila kiungo kinapoingia kwenye pozi hilo iwe ile ile kinapotoka. Ukipatia, hakuna jicho litakaloona mzunguko unaanzia wapi.

Miguu alikopi mwendo wa mama yake pozi kwa pozi. Ulipendeza. Mchora mandhari, bwana mzee mwenye mizaha aliyekaa meza ya jirani, alisimama nyuma yake akasema bibi huyu akimfuata nyumbani hatakataa. Miguu akaamuru kompyuta irudie mwendo, kila mzunguko uendelee pale ulipokomea ule wa kabla yake, akauacha ukicheza, akaenda kula.

Aliporudi, kioo cha kompyuta kilikuwa kitupu. Ardhi ya kijivu ilikuwapo, mistari ya kupimia ilikuwapo, bibi hayupo. Alidhani mtu amechezea kompyuta yake. Mchora mandhari, ambaye hakuwa ameondoka, aliapa hakuna aliyegusa. Miguu akavuta picha nyuma ili aone eneo pana zaidi, akavuta tena, na hapo akamwona, mbali sana pembeni, mdogo kama mbegu. Bado alikuwa anatembea, uso mbele, madaha yake kamili, kama hajui kwamba ametoka njiani. Alikuwa amehama kidogo kidogo, kila mzunguko unywele mmoja, kuelekea upande wa mkono wake wa kushoto.

Mwili ulimsisimka, akajicheka. Kuhama kwa namna ile ni ugonjwa wa kawaida wa mizunguko. Pozi la mwisho likitofautiana na la kwanza hata kidogo tu, kompyuta inajumlisha tofauti ile kila mara inaporudia, na kisichoonekana katika hatua mbili kinakuwa safari. Alifungua grafu, mistari inayoonyesha mwendo wa kila kiungo. Mikono, miguu na mgongo wa bibi alikuwa ameshavilinganisha. Nyonga ndiyo aliyoiacha jinsi ilivyotoka kwenye video, kwa kupenda ule mdundo wake, na kweli mstari wa nyonga wa kwenda pembeni uliishia chini ya ulipoanzia. Nyayo nazo zilikuwa zinaufuata.

Dawa yake anaijua. Alikuwa karibu kuitumia pale alipojiuliza kosa liliingia wapi. Labda mkono wake uliteleza wakati wa kukopi. Akarudi kwenye video, akachagua hatua nyingine mbili, za mbele zaidi ukumbini, akazipima dhidi ya mistari ya vigae sakafuni. Nyonga imekwenda kushoto. Akachukua za mwanzo kabisa, mama alipotoka tu mlangoni. Kushoto. Akachukua safari ya pili, ile mama alipokuwa anacheka. Kushoto, kiasi kile kile.

Kosa la mkono huwa halina msimamo. Leo linavuta huku, kesho kule. Hili lilikuwa na msimamo.

Akaiangalia video yote kwa mara ya kwanza kama mtu asiye kazini, bila kusimamisha. Mama anatoka katikati ya ukumbi, anatembea kwa madaha, na kwa kila hatua anasogea ukutani taratibu, mpaka bega la kushoto linausugua ukuta. Halafu anajitoa bila kuangalia, anarudi katikati, anaanza upya kuhama. Na kila anapojitoa, uso wake unageuka kidogo kulia, kichwa kinainama kidogo, kama mtu anayemwomba radhi mwenzake.

Miguu aliomba ruhusa, akaondoka jua likiwa bado juu. Alipoingia nyumbani hakwenda kumsalimia mama kwanza. Alisimama ukumbini akautazama ukuta. Usawa wa bega la mama yake, rangi ilikuwa imelika, mstari mmoja mrefu uliong'aa kama mpini uliozoea kushikwa. Alikuwa anaupita kila siku.

Mama alikuwa jikoni anachambua mchele. Miguu aliketi mbele yake, akamwamkia, akamwomba amwonyeshe bega. Mama alibisha, akauliza tangu lini amekuwa ng'ombe wa mnadani, mwisho akashusha gauni. Ngozi ilikuwa na michubuko, mibichi juu ya iliyokauka.

"Mama, mbona unagonga ukuta?"

"Ukumbi mwembamba."

"Ukumbi ni ule ule tangu nizaliwe."

Mama alitoa kokoto kwenye mchele, akaitupa pembeni. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeeleza bei ya nyanya:

"Nampisha."

"Unampisha nani?"

"Sijui. Anatembea mkono wangu wa kulia. Ukumbi hautoshi watu wawili, mwanangu, lazima mmoja asogee."

 Miguu aliuliza tangu lini. Mama alisema tangu kabla ya mvua, labda zaidi. Mwanzo alidhani ni yeye, binti yake, anamfuata kwa mzaha. Alikuwa hamwoni, akigeuka hakuna kitu, lakini hatua zake anazisikia, zinakwenda sawa na zake, na akisimama naye anasimama. Hajawahi kumdhuru. Hakusema kwa sababu anawajua watoto wake: wangemwita mwendawazimu, au wangemletea mganga, na yeye hana nguvu ya kubishana na yeyote kati yao.

Siku iliyofuata kaka yake Miguu alikuja na gari wakampeleka hospitali. Daktari, mwanamke mpole asiye na haraka, alimwambia mama atembee juu ya mstari wa sakafuni, na mama akauacha mstari kushoto, taratibu, kwa madaha yake yote. Miguu alimwonyesha ile video, kisha, akiona haya kidogo, akamwonyesha bibi wa katuni akitembea hadi kupotea. Daktari aliitazama katuni zaidi kuliko video. Picha za kichwa zilipotoka, palionekana uvimbe kisogoni, upande wa kushoto, kwenye sehemu inayosimamia mizani ya mwili. Ulikuwa mdogo na wa aina isiyosambaa. Wakaambiwa unaweza kutolewa.

Daktari alieleza vizuri kwa nini mama alikuwa anahama. Kuhusu yule anayetembea upande wa kulia, alisikiliza, akaandika, hakueleza kitu. Kaka aliuliza mara mbili.

Wakati wa kusubiri upasuaji Miguu alirudi studio, maana mkuu wa studio alikuwa anaidai ile kazi. Akaketi kumnyoosha bibi. Hukati kuhama kwa kulirudisha pozi la mwisho tu mahali pake, kwa kuwa bibi atarushwa ghafla mwishoni. Unaigawa tofauti sawasawa juu ya mzunguko mzima, ukiiondoa kidogo kidogo kwenye nyonga na kwenye nyayo zote mbili kwa pamoja, ili unyayo uliokanyaga usiteleze, mpaka mwisho ukutane na mwanzo wenyewe. Alifanya hivyo kwa mkono mzito. Kila alipoondoa kidogo, aliona kama anamsukuma mama yake kwa bega, amrudishe kwa yule aliyekuwa anampisha.

Alipomaliza, aliuacha mwendo ucheze akakaa nao mchana kutwa. Bibi hakutoka njiani. Alitembea palepale, hana mwanzo, hana mwisho. Mchora mandhari alikuja, akatazama, safari hii bila mzaha. Alisema sasa umekamilika, kisha akasema alimpenda zaidi alipokuwa anakwenda mahali.

Upasuaji ulikwenda salama. Mama alilazwa wodini siku nyingi, akajifunza kutembea upya kwa fimbo, akiwatukana wauguzi waliomwita bibi. Alipoletwa nyumbani alipita ukumbini katikati kabisa, vigae vimegawanyika sawa huku na huku, na Miguu alimfuata nyuma machozi yakimlengalenga. Kaka alicheka kwa furaha, akaenda kuegesha gari vizuri.

Walipobaki wawili, Miguu alimsaidia mama kukaa kitandani, akamvua viatu. Ndipo alipouliza lile alilokuwa analimeza tangu hospitali.

"Mama, yule mtu. Bado yupo?"

"Hapana," mama alisema, akijinyoosha. "Alibaki kule kule. Nilimsikia asubuhi ya leo tulipokuwa tunatoka. Anamfuata yule mama wa kitanda cha dirishani."

Miguu alikaa na kiatu mkononi. Yule mama wa dirishani alikuwa mcheshi, mgonjwa wa mguu tu, aliyelazwa kwa ajili ya kidonda. Asubuhi ile alikuwa amewasindikiza mpaka mlango wa wodi, akiwaaga na kuwaombea safari njema. Na Miguu, aliyezoea kuwatazama watu kuanzia chini, alikumbuka sasa kwamba mama yule, alipogeuka kurudi kitandani kwake, alikwenda akiwa amejibana kwenye ukuta wa kushoto, ingawa njia yote ilikuwa tupu.