Dakika Moja Bila Mayu

Harusi zilikuwa zimenichosha. Miaka minne nilizipiga video Bariadi na vijijini, nikisimama juu ya viti vya plastiki ili niwapate watu wote, na bado kila nilipomkabidhi mwenye shughuli flashi yake aliniuliza swali lilelile: mbona mjomba haonekani? Huku kwetu aliyetoa zawadi lazima aonekane akiitoa, tangu anaingia akicheza mpaka anarudi kukaa. Ukimkata umemdharau. Kwa hiyo kupiga nilijua, kukata sikujua.

Nilichotaka ni kazi ya rana. Rana ni mtu wa kutumwa kwenye seti ya filamu: anachaji betri, anapeleka maji, anazuia wapita njia kamera inapowaka, anabeba kila ambacho wengine hawataki kubeba. Ni ngazi ya chini kabisa, na hata hiyo nilikuwa nimeikosa mara tatu. Nilituma maombi Mwanza na Dar es Salaam, nikajibiwa na ukimya.

Kisha nikasikia kuna watu wanakuja Ngulyati kupiga filamu ya wakulima wa pamba. Mlangoni kwetu kabisa! Nikaapa kwamba hii nikiikosa, basi, nirudi kwenye viti vyangu vya plastiki na nisilalamike tena. Nilimtumia kazi zangu kaka mmoja niliyesoma naye, ambaye sasa ni msaidizi wa kamera Mwanza. Alinipigia baada ya kuzitazama.

"Dada, hii video ni dakika kumi na nne."

"Nimeweka nzuri tu."

"Na CV kurasa tatu! Umejiita mwongozaji, mhariri, mwandishi, mtunza mavazi. Unaomba kubeba betri au unataka kumpindua mwongozaji wao?"

Nilikasirika, kwa kuwa alikuwa anasema kweli. Akanipanga upya. Video iwe dakika moja, picha kali zitangulie, niweke nilizopiga mwenyewe tu, na kila kipande kionyeshe kwa maandishi nilifanya nini. Nisitume faili zima, nitume linki. CV ukurasa mmoja: juu kabisa jina, simu, neno Rana, na mahali ninapoishi. Chini yake, kazi nilizofanya kweli, hata kama ni harusi.

"Kisukuma umeandika?" akauliza.

"Kisukuma? Cha nini?"

"Na ile pikipiki, leseni unayo?"

"Ninayo."

"Sasa mbona umeficha vyote hivyo, halafu umeandika Kiingereza fasaha?"

Kiingereza changu anakijua.

CV ilinichukua saa moja. Video ilinimaliza siku nne. Kila niliyemkata nilimwona akinuna. Mwishoni kilibaki kipande cha mama yangu kwenye harusi ya kaka yangu, anaingia akicheza huku anamvuta mbuzi wa zawadi, na mbuzi hataki. Nilikipenda kuliko vyote. Lakini nilikuwa nacheka wakati wa kupiga, na kamera ilitetemeka yote. Nikakitoa.

Mama alikuwa nyuma yangu anachambua choroko.

"Mimi niko wapi?"

"Mayu, nimekutoa. Picha inatikisika."

"Mama mkwe wa kaka yako yupo."

"Yake imetulia."

"Ng'wanawane," akasema taratibu, "umembakiza yule, mimi uliyetoka tumboni mwangu umenitoa?"

Siku mbili hakusema nami. Akiwa na la kuniambia aliwaambia kuku, na mimi nikasikiliza. Niliona aibu, niliona pia hasira, na juu ya yote nilichoka. Hata hivyo nikatuma linki na ule ukurasa mmoja.

Siku ya tatu mratibu wao alipiga simu, mwanamke mwenye haraka zake.

"Uko Bariadi hapohapo? Kisukuma unazungumza, si cha kubabaisha?"

"Ndicho cha nyumbani."

"Leseni ya pikipiki ni hai?"

"Ni hai."

"Vizuri. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi uwe Ngulyati. Siku sita, tunakulipa. Wazee wa huko hatuelewani nao, utakaa karibu na mwongozaji."

Kazi ya kwanza ya kulipwa kwenye filamu! Nikashindwa kujizuia.

"Na video mliionaje?"

"Video ipi? Aa, ile linki. Mtandao ulinisumbua, sikuifungua. Usichelewe Jumatatu."

Siku nne za kukata watu, siku mbili za kusemeshwa kupitia kuku.

Nikatoka uani nikamwambia mama kila kitu: kazi nimepata, kwa sababu ya Kisukuma alichonifundisha yeye, na video hakuna aliyeitazama.

Aliendelea kupepeta choroko zake. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu juzi, akanitazama.

"Hakuna aliyeitazama?"

"Hakuna."

"Basi nirudishe."