Wasifu Wangu Uliobaki Kampunini

Kwetu Kolwezi mgeni hapewi kipaza sauti kabla hajasomewa wasifu. Iwe harusi, iwe semina, iwe kikao cha majirani katika banda la kanisa, lazima asimame mtu wa itifaki, tunayemwita protokoli, akohoe kidogo, kisha ataje masomo na vyeo vya mgeni mpaka mgeni mwenyewe aone haya. Sina ugomvi na desturi hiyo. Ugomvi wangu ni na maprotokoli wa siku hizi, ambao hawamuulizi mgeni chochote. Wanatoa simu mfukoni na kusoma wanachokikuta.

Kikao ninachokikumbuka kilikuwa cha familia zinazoishi nyuma ya Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi. Shimo la kampuni ya madini lilikuwa linawasogelea, nao walijua watahamishwa. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuwasemea mezani, atakayebishana na kampuni juu ya nyumba na mashamba yao. Mimi nilikuwa nimeiacha kampuni hiyohiyo, kwenye machimbo yake ya njia ya Mutshatsha, nilikokuwa mkuu wa mahusiano na wanavijiji. Kazi yangu ilikuwa kubeba ahadi asubuhi na kubeba lawama jioni, mpaka nikachoka. Nikahamia ofisi ndogo ya msaada wa sheria mjini. Nilizaliwa Kapata, katika nyumba ya mgodi, baba yangu akiwa mfanyakazi aliyetoka mkoa wa Kasai, na niliitaka kazi ya kuwasemea watu wale kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nilikuwa nimepanga kuanza kwa kuwaambia kwa mdomo wangu nilikotoka.

Protokoli akaniwahi. Alisoma kwa sauti nzuri, ya redio kabisa, kwamba mama huyu ndiye mkuu wa mahusiano na jamii katika kampuni, na kwamba anaiwakilisha kampuni mbele ya wananchi. Ndiye, si alikuwa. Banda zima likanigeukia.

Nikasimama, nikaeleza. Mama mmoja mjane, ambaye wenzake walikuwa wamemweka mbele kama kiongozi wao, alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

“Mama, mi sikatale,” akasema kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi, ambamo kampuni ni société. “Lakini ku internet banasema ungali wa société. Batu bote banasoma kule. Enda utengeneze kwanza, kisha urudie, tutazungumuza.”

Lilikuwa neno la haki, na kwa sababu lilikuwa la haki liliniuma zaidi.

Asubuhi iliyofuata nilikaa mbele ya kompyuta ya ofisi kujisaka mwenyewe. Nilifungua dirisha la faragha, ili mtambo wa kutafuta usinionyeshe tu yale uliyozoea kunionyesha, nikaandika jina langu ndani ya alama za kunukuu. Hapo nikakumbuka kwamba sisi Wakongomani tuna majina matatu na kila karani anayapanga anavyopenda. Ikabidi nitafute kwa kila mpangilio, kisha kwa jina la mume, kisha kwa cheo cha zamani pamoja na jina la kampuni, kisha kwa picha niliyopigwa kampunini nikiwa na kofia ya mgodini. Nilijikuta mahali ambapo sikuwahi kujua nipo. Chuo nilichosoma kilikuwa kinajivunia mimi. Nilikuwamo kwenye ukurasa wa chama cha wanawake wa migodi, kwenye programu ya semina niliyowahi kuhutubia Lubumbashi, na kwenye orodha ya wataalamu iliyokuwa imenakiliwa na mtu nisiyemjua kutoka ukurasa wa kampuni, hata kosa la herufi likiwa palepale. Kila mahali nilikuwa bado kampunini, nikitabasamu kama mjinga.

Kurasa zangu mwenyewe, zile ninazozifungua kwa nywila yangu, zingeisha kabla ya chakula cha mchana. Zilizobaki zilikuwa za watu, na watu huandikiwa, hukumbushwa, hubembelezwa. Ilihitajika matini moja fupi ya kumtumia kila mmoja, ili wote wabandike kitu kilekile. Nikaiandika: kwamba nilikuwa kampunini, mwaka nilioingia na mwaka niliotoka, na kazi ninayofanya sasa.

Mkurugenzi wangu, mwanasheria mwenye tai hata Jumamosi, aliisoma akakunja uso.

“Mama, ondoa société,” akasema. “Bafadhili hawapende kuona ile jina.”

“Tata Directeur, si ni kweli? Nilitumika kule, nilifanya kazi yao.”

“Kweli, ndiyo. Lakini biographie haiko confession ya kwa padri. Inatoka na jina ya bureau yetu, njo mi naamua.”

Nikabishana naye mpaka karani wa chumba cha pili akafunga mlango wake kwa adabu. Mwenye ofisi ni mwenye ofisi. Matini iliyotoka ilisema kwamba nina uzoefu mrefu katika masuala ya jamii, basi. Miaka yangu yote ya njia ya Mutshatsha ikawa maneno mawili yasiyo na anwani.

Nikaituma kila mahali. Chuo kilibadilisha upesi. Waandaaji wa semina walinijibu, kwa busara, kwamba programu ile ni kumbukumbu ya siku ile na siku ile nilikuwa na cheo kile. Wakaongeza tu mstari chini yake kusema nimehama. Mwenye orodha ya wataalamu hakujibu mpaka nilipomwandikia kwa mara nyingine kwa lugha isiyo ya kikristo. Kampuni ndiyo iliyonizungusha zaidi: mtu wa mawasiliano alinipeleka kwa mtu wa utumishi, wa utumishi akanirudisha kwa yule wa mawasiliano, na siku waliyoiondoa picha yangu hawakuniambia hata neno. Hata baada ya hapo mtambo wa kutafuta uliendelea kuonyesha maneno ya zamani chini ya jina langu, ikabidi niuombe usome upya ukurasa mmoja baada ya mwingine. Nilipojitafuta mara ya mwisho, kampuni haikutokea popote isipokuwa kwenye programu ile ya Lubumbashi. Nilifurahi, nisiwe mnafiki. Nikapiga simu Kapata kusema niko tayari.

Safari hii hakukuwa na protokoli. Yule mama mjane alikuwa na simu mbili mapajani. Katika moja kulikuwa na picha ya ukurasa wa kale wa kampuni, ambayo mtu aliipiga siku ya kikao cha kwanza na kuisambaza mtaa mzima. Katika nyingine alikuwa amefungua ukurasa wa ofisi yetu.

“Mama, hapa uko wa société,” akasema, akiigusa ya kwanza. Akaigusa ya pili. “Na hapa haukutumika ku société hata siku moja. Mi nilikuomba utengeneze. Sikukuomba ufute.”

Nikaanza kueleza habari za wafadhili na mkurugenzi. Nilijisikia namna nilivyokuwa nasema, na ilikuwa sauti yangu ileile ya kampuni, laini, yenye sababu kwa kila kitu.

“Sikia, mama yangu,” akanikatiza, bila hasira. “Mutu wa société tunamujua, tunazungumuza naye. Lakini mutu mwenye anafuta kwenye alitoka, kesho atafuta na siye.”

Walimchukua mwanasheria wa Lubumbashi ambaye hajawahi kukanyaga Kapata. Walinieleza sababu kwa upole, wakinisindikiza mpaka barabarani: walikuwa wamemtafuta kwenye simu, na kila walipomkuta alikuwa mtu yuleyule.